Umepata 4 10 badala ya 14 13? Namba uliyoandika inaonyesha ulipoteleza kwenye sudokodi

Msimu wa testi ukifika simu zinajaa picha. Moja imepigwa juu ya goti ndani ya taxi, nyingine usiku kwa tochi umeme umekatika, na zote zina sudokodi ya mistari minane tisa hivi na chini yake swali lile lile: nini kitatokea kwenye skrini? Halafu ujumbe unafuata, mimi nimepata hivi, mwenzangu kapata vile, lecha anasema wote tumekosa, shida ni nini. Na ukimuuliza huyo mtu alifikaje kwenye jibu lake mara nyingi hana cha kukuonyesha, alihesabu kichwani basi.

Sasa kitu ambacho wanafunzi wengi hawajakiona ni kwamba kwenye maswali mafupi ya lupu na IF, kila aina ya kosa huwa inaacha namba yake. Ukisoma alama vibaya unapata namba fulani, ukikosea mzunguko unapata nyingine, ukichanganya MOD na kitu kingine unapata nyingine tena. Kwa hiyo ukiwa na jibu baya mkononi usilifute haraka, rudi nalo nyuma uone linatoka wapi. Nitachukua swali moja tu nilifanyie kazi mpaka mwisho, maana ukilielewa hili moja vizuri mengine yanafanana nalo sana.

```
x ← 1
total ← 0
WHILE x <= 10 DO
    IF x MOD 2 = 0 THEN
        total ← total + x
    ENDIF
    x ← x + 3
ENDWHILE
OUTPUT total, x
```

Mshale ← maana yake weka thamani ya kulia ndani ya jina la kushoto. MOD ni baki la kugawanya, kwa hiyo x MOD 2 = 0 inauliza kama x ni namba shufwa. Karatasi nyingine hazitumii mshale, zinaandika = kila mahali, hapo angalia tu iko wapi: ikiwa peke yake kwenye mstari ni kuweka, ikiwa ndani ya IF au WHILE ni kulinganisha.

Jibu sahihi ni 14 13, na linatoka kwenye jedwali hili:

```
raundi   x    x <= 10?   x MOD 2   total   x mpya
1        1    ndiyo      1         0       4
2        4    ndiyo      0         4       7
3        7    ndiyo      1         4       10
4        10   ndiyo      0         14      13
-        13   hapana
```

Angalia ule mstari wa mwisho. Hauna raundi, ila lazima uuandike, kwa sababu ndo unaonyesha lupu imekufa wapi na x imebaki na nini. Nitaurudia mara kadhaa huko chini.

Umepata 14 10

Hii ndo naiona kuliko zote. Total umeipata sawa, x umekosea, kwa hiyo hesabu unaijua ila hujajua lupu inakufa saa ngapi. Umefikiri kwamba x ikishafika 10 basi tumemaliza kwa sababu 10 imeandikwa pale juu. Hapana. Sharti la WHILE linafanya kazi kama askari wa geti, kila ukirudi kwake anakuuliza upya, na ukiwa katikati ya uwanja hakusumbui. Ukiingia na x ya 10 anakuruhusu maana 10 si zaidi ya 10, unajumlisha, unapita mstari wa x ← x + 3, x inakuwa 13, ndo unarudi getini unakataliwa. Unatoka ukiwa na 13 mfukoni. Lupu ya WHILE haikatiki katikati eti kwa sababu x imeshapita kikomo, inamaliza mistari yote ya raundi ile kwanza.

Dawa yake ni ule mstari wa "hapana" kwenye jedwali. Usimalize jedwali mpaka umeandika thamani iliyokataliwa. Mtu akinitumia jedwali linaloishia kwenye "ndiyo" najua kabla hata sijasoma jibu kwamba x yake itakuwa na kasoro.

Umepata 4 10

Hapa namba zote mbili ziko chini, na x ni 10 kamili. Maana yake raundi ya nne hukuifanya, x ilipofika 10 ulitoka. Umesoma `x < 10` badala ya `x <= 10`.

Mara nyingi hili si kosa la akili kabisa, ni la picha. Kwenye karatasi nyingi zilizochapwa alama imeandikwa ≤, ile ya mshale na kistari kimoja chini yake, na kile kistari ndo kitu cha kwanza kupotea. Testi imetolewa fotokopi ya fotokopi, wino umepauka, halafu ukaipiga picha kwa simu, halafu Wasap ikaibana ili isile bando, ikifika kwangu kistari kimeshakuwa kivuli tu. Nimeona picha ambayo hata ukivuta kwa vidole huwezi kusema kama kipo au hakipo.

Ukishindwa kusoma alama, jaribu zote mbili uandike majibu yote mawili kisha uangalie swali lenyewe. Kama kuna majibu manne ya kuchagua na 14 13 ipo lakini 4 10 haipo, umeshajua. Zikiwepo zote mbili, na mtungaji mzuri ataziweka zote mbili makusudi, basi hakuna njia, omba karatasi yenyewe au mwambie aliyekutumia aisome kwa sauti neno kwa neno, "x ndogo kuliko au sawa na kumi". Sauti ya sekunde tano inamaliza ubishi wa nusu saa.

Umepata 30 11, mwenzako kapata 30 19

Hizi mbili nazipenda kwa sababu total inafanana na makosa hayafanani hata kidogo.

Aliyepata 30 11 amepanda kwa moja moja. Amejumlisha 2, 4, 6, 8 na 10, jumla 30, kisha x ikafika 11 akatoka. Huyu hajausoma mstari `x ← x + 3`, ameuona upo akaujaza mwenyewe kwa mazoea, kwa sababu lupu nyingi za darasani zinaongeza 1. Tena mwenye mazoea ya FOR ndo anaangukia hapa zaidi, maana FOR inaongeza yenyewe. Kwenye WHILE hakuna kinachoongezeka chenyewe, kama mstari wa kuongeza haupo x haitasogea, na kama upo inasogea kwa kiasi kilichoandikwa pale.

Aliyepata 30 19 amepanda kwa tatu tatu vizuri kabisa: 1, 4, 7, 10, 13, 16, halafu 19. Shufwa zake ni 4, 10 na 16, jumla 30. Kwa hiyo mwendo wake ni sahihi ila amesoma kikomo ni 16, sio 10. Ile sifuri ya 10 imeguswa na mkunjo wa karatasi au kalamu ya mtu ikapita pale, kwenye picha inaonekana kama sita. Huyu hahitaji kufundishwa lupu, anahitaji picha nyingine.

Ndo maana mtu akiniandikia "nimepata 30" peke yake namuuliza x imeishia ngapi, hata kama swali halikuuliza x. Thamani ya mwisho ya x inaonyesha mwendo na kikomo, total inaonyesha sharti la ndani na kujumlisha. Ukiwa na zote mbili unajua uanze kutafuta wapi.

x ni 13 lakini total ni ya ajabu

Kama x yako ni 13 basi lupu yenyewe umeitembea sawa, acha kuhangaika nayo, shida iko ndani ya IF. Hapa majibu ninayokutana nayo ni manne na kila moja lina lake.

22 13 maana yake umejumlisha kila kitu, 1 na 4 na 7 na 10. IF umeipita kama haipo. Mara nyingi mtu anakuwa ameijibu kichwani raundi ya kwanza tu halafu raundi zinazofuata anakimbia, anasahau kwamba sharti linaulizwa upya kila raundi.

8 13 ni 1 na 7, umejumlisha witiri. Umegeuza swali. Inatokea sana kwa mtu anayesoma "baki la mbili" akaona baki ni 1 akasema ndiyo lipo, basi ni kweli. Sharti halikuuliza kama baki lipo, limeuliza kama ni sawa na sifuri.

10 13, hapo umefuta ya zamani. Kwenye `total ← total + x` ulisoma upande wa kulia kama x peke yake, kwa hiyo 4 iliingia, kisha 10 ikaingia juu yake ikaifuta. Namba ya mwisho kuingia ndo imebaki. Ukiona total yako ni sawa na thamani moja tu kati ya zilizojumlishwa, shuku hili kwanza.

Na 1 13, hii inawachanganya hata wanaofundisha. Imetoka wapi moja? Imetoka kwa mtu aliyefanya MOD kama DIV, yaani kugawanya na kutupa baki. 1 kwa 2 ni sifuri na baki 1, yeye akachukua ile sifuri akasema sharti limetimia, akajumlisha 1. Halafu 4 kwa 2 ni mbili, sio sifuri, 7 kwa 2 ni tatu, 10 kwa 2 ni tano, zote zimekataliwa. Total ikabaki 1. Kama hiyo ndo namba yako, fanya kitu kimoja leo: andika 7 DIV 2 = 3 na 7 MOD 2 = 1 juu kabisa ya daftari na usizichanganye tena, DIV ni mara ngapi, MOD ni kilichobaki. Na kumbuka namba ndogo kuliko kigawanyo MOD yake ni yenyewe, 1 MOD 2 ni 1, 2 MOD 5 ni 2. Watu wanaandika sifuri pale kwa sababu wanaona "haigawanyiki".

Unasema haiishi, inazunguka milele

Mtu anakuja amechoka, anasema hii sudokodi ina kosa, x inabaki 1 milele. Na kwa alichokisoma yuko sahihi! Ameuweka mstari `x ← x + 3` ndani ya IF. Ukiwa ndani ya IF, x inaongezeka pale tu ikiwa shufwa, na x inaanza na 1 ambayo ni witiri, kwa hiyo haiongezeki kamwe na geti linafunguka kila mara.

Kwa nini ameusoma hivyo? Tazama picha yake. Karatasi imepinda upande wa kushoto, kwenye mshono wa kitabu au pale stepla ilipo, na nafasi zile za mwanzo wa mistari zimebanwa zote zikaonekana sawa. Pengine picha imepigwa kwa kuinamisha simu, mistari ya chini inaonekana imeingia ndani kuliko ya juu. Kwa hiyo usitegemee nafasi za pembeni kwenye picha, hata siku moja. Tegemea ENDIF na ENDWHILE. Chukua penseli, kila IF itafutie ENDIF yake uziunganishe kwa mstari, kila WHILE na ENDWHILE yake. Kilicho kati ni cha ndani, kilicho chini ya ENDIF ni cha nje hata kama kwenye picha kinaonekana kimesukumwa ndani kabisa.

Sasa zikiwa hazilingani, IF mbili na ENDIF moja, basi kuna mstari umekatwa. Na hapa kuna kitu kingine cha Wasap, picha ndefu ukiitazama bila kuifungua inaonyesha katikati tu, juu na chini vimefichwa. Watu wanajibu swali lisilo na mstari wa kwanza wala wa mwisho. Ifungue kwanza.

Karatasi nyingine zimeandikwa kwa mtindo wa Python, hazina ENDIF kabisa, nafasi ndo kila kitu. Hapo picha iliyopinda haifai kitu, usijibu, omba nyingine. Kubahatisha kwenye karatasi ya namna hiyo ni kupoteza muda wa kila mtu.

Umeandika mistari minne badala ya mmoja

Jibu lako linaonekana hivi:

```
0 4
4 7
4 10
14 13
```

Umeiweka OUTPUT ndani ya lupu. Ni ugonjwa ule ule wa nafasi, ENDWHILE hukuiona au ilikatwa. Ila ona kwamba mstari wako wa mwisho ni sahihi, maana yake kila kitu kingine umekielewa. Na kinyume chake kipo pia, swali limeweka OUTPUT ndani na wewe ukaandika mstari wa mwisho tu, kwa hiyo hesabu raundi zako za "ndiyo": zikiwa nne na OUTPUT iko ndani bila IF juu yake, lazima uwe na mistari minne.

Umepata 14 13 lakini kwa njia mbaya

Hili ndo linaniumiza zaidi kwa sababu halionekani. Mtu ameongeza x kwanza ndo akauliza IF, yaani amegeuza mpangilio wa mistari ya ndani. Hebu tufanye: x ni 1, inakuwa 4, shufwa, total 4. Inakuwa 7, hapana. Inakuwa 10, shufwa, total 14. Raundi ya mwisho inakuwa 13, witiri, hapana. Anatoka na 14 13. Tiki! Anaenda nyumbani anajua amejua.

Imetokea hivyo kwa sababu alipogeuza, alipoteza 1 ya mwanzo na akaongeza 13 ya mwisho, na zote mbili ni witiri, hazikuwa zinahesabiwa hata hivyo. Badilisha mstari wa kwanza tu uwe `x ← 2` uone. Kwa mpangilio sahihi x inapita 2, 5, 8, shufwa ni 2 na 8, total 10, x inatoka ikiwa 11. Jibu 10 11. Kwa aliyegeuza, x inakuwa 5, 8, 11, shufwa ni 8 peke yake, anapata 8 11. Sasa imeonekana.

Kwa hiyo kama unamsaidia mdogo wako au mnajadiliana hosteli, usiridhike na jibu kulingana. Badilisha namba ya mwanzo, afanye tena, na umwangalie anavyojaza jedwali. Hii inachukua dakika mbili na inafichua zaidi ya testi nzima.

IF yenye ELSE, pale namba inaporuka huku na huku

Swali la pili nililete fupi, kwa sababu kuna makosa mawili hayaonekani kwenye lile la kwanza.

```
n ← 5
FOR i ← 1 TO 3
    IF n > 4 THEN
        n ← n - 2
    ELSE
        n ← n + 3
    ENDIF
NEXT i
OUTPUT n
```

Inaenda hivi: 5 ni zaidi ya 4, toa mbili, 3. Raundi ya pili 3 si zaidi ya 4, ongeza tatu, 6. Raundi ya tatu 6 ni zaidi, toa mbili, 4. Jibu 4.

Umepata 5? Basi umefanya vyote viwili katika raundi moja. Ulitoa mbili ukapata 3, halafu ukaona 3 imeshuka chini ya 4 ukaingia ELSE nayo ukaongeza tatu, 6. Raundi ya pili 6, 4, 7. Ya tatu 7 ikawa 5, na 5 haingii ELSE, ukaishia hapo. ELSE haiulizi tena! Sharti limeulizwa mara moja mwanzoni mwa IF, njia imechaguliwa, na hata n ikibadilika humo ndani hakuna kurudi nyuma kuingia njia ya pili. Zingekuwa IF mbili tofauti zilizofuatana, kila moja na ENDIF yake, ya pili ikiuliza n <= 4, hapo ndo 5 ingekuwa jibu sahihi. Kwa hiyo kwenye picha hakikisha neno lililopo katikati ni ELSE kweli.

Umepata -1? Umeuliza sharti mara moja tu kwa ile 5 ya mwanzo ukatoa mbili mara tatu. Ni ndugu yake yule wa 22 13.

Umepata 6? Umefanya raundi mbili. Hapa namuuliza mtu, unaandika Python? Karibu kila mara anasema ndiyo. Kwenye Python `range(1, 3)` inatoa 1 na 2, inaishia kabla ya 3, na mtu anabeba tabia ile mpaka kwenye sudokodi. `FOR i ← 1 TO 3` inajumuisha 3, ni raundi tatu. Aliyepata 7 naye amefanya raundi nne, ile 1 ameisoma 0 au amehesabu vibaya. Kanuni ya kuhesabu raundi za FOR inayopanda moja moja ni mwisho toa mwanzo ongeza moja, basi.

Na x ile tuliyoijadili juu, kwenye FOR usijaribu kukisia i inabaki na ngapi baada ya NEXT, maana lugha hazikubaliani, nyingine inabaki na thamani ya mwisho iliyotumika, nyingine imezidi moja. Ukiulizwa hilo kwenye testi fuata alivyofundisha mwalimu wako. Kwenye WHILE hakuna ubishi.

Kabla hujatuma picha

Laza karatasi juu ya meza au sakafu, usiishike mkononi. Nenda mlangoni kwenye mwanga wa mchana, zima flashi, kwa sababu flashi inaacha doa jeupe katikati na doa hilo linapenda kukaa juu ya sharti la WHILE. Simu iwe sambamba na karatasi, kingo zote nne zionekane. Halafu kwenye Wasap usiitume kama picha ya kawaida, itume kama faili, pale kwenye alama ya kuambatisha chagua hati, hapo haitabanwa na kile kistari cha ≤ kitafika salama. Inakula bando kidogo zaidi, lakini picha moja nzuri ni rahisi kuliko tatu mbaya.

Na ukituma, tuma na jedwali lako, hata kama limejaa makosa, hata kama uliishia raundi ya pili. Jibu peke yake linanipa dokezo, jedwali linanionyesha mstari kamili. Kama namba yako haifanani na yoyote niliyotaja hapa, kuna uwezekano mkubwa makosa ni mawili kwa pamoja, mfano umesoma < na pia umejumlisha witiri, ungepata 8 10. Tenganisha: rekebisha x kwanza mpaka iwe 13, halafu ndo uangalie total.